Feni ya Kubana na Kava Nene: Kipi Kinaisaidia Simu na Kipi Kinaiumiza Unapocheza kwa Muda Mrefu

Mpwa wangu anayeishi Sinza alirudi kutoka Kariakoo na feni ndogo ya kubana nyuma ya simu, ile yenye taa za rangi na mikono miwili inayofunguka kama makucha ya kaa. Aliibana juu ya kava lake, kava lenyewe likiwa ni lile la mpira mgumu lenye kona zilizovimba na pete ya kushikia kwa kidole, akakaa kucheza mashindano ya usiku na wenzake. Siku mbili baadaye akaniambia, “Mjomba, nimepigwa. Feni inazunguka vizuri, inapiga kelele vizuri, lakini simu inachemka vilevile.” Niliigeuza simu na kuiangalia mgongoni, nikaona kwamba feni hiyo haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inafanya kazi yake yote, isipokuwa iliifanya juu ya mpira.

Watu wengi huuliza maswali haya mawili kila moja peke yake: je, feni ya simu inasaidia, na je, kava nene linaumiza? Kwa anayecheza dakika kumi akisubiri daladala, majibu yake hayana uzito mkubwa. Kwa anayecheza saa mbili au tatu mfululizo katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili, maswali hayo mawili ni swali moja, kwa sababu thamani ya feni inategemea kilicho katikati yake na mgongo wa simu. Nitayalinganisha kwa mtazamo huo.

Kwanza ieleweke joto linatoka wapi na linapita njia gani. Simu haina tundu la kupitishia hewa kama kompyuta, na feni ya kubana haipulizi kitu chochote ndani yake. Joto huzaliwa hasa kwenye prosesa, ambayo kwa simu nyingi hukaa nusu ya juu karibu na kamera, husambazwa ndani kwa karatasi nyembamba za grafaiti au kwa sahani ya mvuke, kisha hufika kwenye kioo cha mbele na kwenye mgongo. Kutoka hapo halina pa kwenda isipokuwa kwenye hewa ya chumba na kwenye mikono yako. Simu hujipima yenyewe, na uso wake unapokaribia joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia kwa muda mrefu, mara nyingi kwenye nyuzi arobaini na kitu, hupunguza kasi ya prosesa na wakati mwingine hufifisha mwanga wa skrini. Kukwama kwa mchezo baada ya nusu saa ni kinga ya simu inayofanya kazi, na si lazima iwe dalili kwamba imeharibika.

Kwa hiyo kinachoamua mchezo wako utakwenda vipi ni idadi ya wati za joto ambazo simu inaweza kuzitoa nje kabla uso wake haujafika kwenye kikomo hicho. Nilifanya hesabu kwa simu ya ukubwa wa kawaida, yenye mgongo wa sentimita 16 kwa 7.5, nikichukua chumba cha nyuzi 31 na kikomo cha uso cha nyuzi 43. Haya ni makadirio ya kalamu na karatasi, si vipimo vya maabara, lakini yanaonyesha uwiano ulivyo kati ya hali moja na nyingine.

| Hali ya simu | Joto inaloweza kutoa mfululizo |
|---|---|
| Tupu, hewa imetulia, nyuzi 31 | karibu wati 3 |
| Kava jembamba linaloshika mgongo | wati 2.8 hivi |
| Kava nene lenye nafasi ya hewa ndani | wati 2.5 hivi |
| Feni ya kubana juu ya kava nene | karibu wati 3 |
| Feni ya kubana juu ya mgongo mtupu | zaidi kidogo ya wati 4 |
| Tupu, hewa imetulia, chumba cha nyuzi 22 | karibu wati 5 |

Mstari wa nne ndio uliomfika mpwa wangu. Feni juu ya kava nene haikumpa faida, bali ilimrudishia tu kile ambacho kava lilikuwa limemnyang’anya, akabaki pale pale ambapo angekuwa bila kava na bila feni, huku akiwa amelipia vyote viwili na kubeba uzito wa vyote viwili. Mstari wa mwisho nao usipuuzwe, kwa kuwa unaonyesha kwamba kiyoyozi cha chumba kinashinda kifaa chochote cha kubana kinachopuliza hewa ya kawaida. Feni haiwezi kuipoza simu chini ya joto la hewa inayoivuta, na kama hewa hiyo ni ya nyuzi 31, huo ndio mwisho wa uwezo wake.

Sasa tuliangalie kava lenyewe kwa karibu, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi na wanunuzi hawalikisii. Plastiki na mpira laini wa makava hupitisha joto vibaya, lakini hewa iliyotulia hulipitisha vibaya zaidi, kwa kiasi cha mara saba au nane. Kava la mpira lenye unene wa milimita mbili, likiwa limeugusa mgongo wa simu kila mahali, linaongeza kizuizi kidogo tu. Likiacha nafasi ya nusu milimita kati yake na mgongo, nafasi hiyo peke yake huwa kizuizi kikubwa kuliko mpira wote wa milimita mbili. Makava magumu ya kujikinga na kuanguka mara nyingi hutengenezwa hivyo kwa makusudi: yana matuta ndani, tabaka mbili zisizogusana, na mito ya hewa kwenye kona, kwa kuwa hewa ndiyo inayolainisha pigo la simu inapodondoka kwenye vigae. Kinachoilinda simu na sakafu ndicho hicho kinachoizuia kupumua.

Ukitaka kujua kava lako liko upande gani, livue na uangalie ndani kwenye mwanga. Ukikuta matuta ya mstari mstari, au alama za vumbi zilizojipanga pembeni huku katikati kukiwa safi, fahamu kwamba sehemu ya katikati haigusi simu. Unaweza pia kubonyeza katikati ya mgongo wa kava likiwa limevaliwa: likididimia kidogo kabla ya kugonga simu, umeigusa hiyo hewa. Kava jembamba la silikoni linalong’ang’ania mgongo, hata kama linaonekana la bei rahisi, huachilia joto vizuri zaidi kuliko la kifahari lenye tabaka tatu.

Kuna udanganyifu mmoja wa kava nene ambao umewapotosha wengi. Unapocheza ukiwa umelivaa, mkono wako husikia joto kidogo, na unadhani kwamba simu imepoa. Kumbe mkono unagusa mpira, na joto limebaki ndani likiitesa betri. Mtu anayecheza bila kava hulalamika kwamba simu inamuunguza vidole wakati yake ndiyo inayotoa joto vizuri, na yule anayejisifu kwamba yake ni ya baridi ndiye ambaye skrini yake itaanza kufifia mapema.

Udanganyifu wa pili ni wa muda. Simu yenye uzito wa gramu 200 huchukua muda kupata joto, na kava zito huongeza uzito mwingine wa kupashwa. Hivyo katika dakika kumi za mwanzo, simu yenye kava nene na isiyo na kava huonekana sawa, na pengine yenye kava huonekana nafuu kidogo. Tofauti hujitokeza baada ya dakika ishirini, na hutulia baada ya nusu saa au arobaini. Anayejaribu feni dukani Mtaa wa Aggrey kwa dakika tatu, akaweka kiganja na kusema “naam, inapoza,” hajajaribu kitu.

Kwa sababu hiyo tulifanya jaribio letu wenyewe, jioni tano mfululizo, katika sebule ya dada yangu. Madirisha yalikuwa wazi, pangaboi limezimwa, na kipimajoto cha ukutani kikisoma nyuzi 31 au karibu na hapo kila tulipoanza saa mbili usiku. Simu ilikuwa ileile, mchezo uleule wa mpira, mwanga wa skrini nusu, bila kuchaji, dakika 40 kila jioni. Mwishoni tuliiunganisha na kompyuta na kusoma joto la betri kwa amri hii ya programu ya `adb` iliyowekwa kwenye kompyuta, baada ya kuwasha ruhusa ya `USB debugging` kwenye simu:

```
adb shell dumpsys battery
```

Kwenye majibu yake kuna mstari wa `temperature`, na namba yake husomwa kwa sehemu za kumi za nyuzi, kwa hiyo 414 maana yake ni nyuzi 41.4. Wakati wa kucheza tuliacha kaunta ya fremu kwa sekunde kwenye skrini, nayo ilianza na 60 kila siku.

Jioni ya kwanza simu ilikuwa tupu: betri ilimaliza kwenye nyuzi 41.4 na fremu zilikuwa zimeshuka hadi 50 hivi. Jioni ya pili, kwa kava nene bila feni, betri ilisoma 42.6, na hapo mpwa wangu akasema, “Nyuzi moja tu na kidogo? Basi kava halina neno.” Nilimwomba aangalie fremu. Zilikuwa 40, na skrini ilikuwa imefifia yenyewe tangu dakika ya ishirini na tano. Joto halikupanda sana kwa sababu simu ilikuwa imejipunguzia kazi ili lisipande. Hili ni kosa la kawaida sana kwa wanaolinganisha vifaa vya kupozea: wanasoma joto peke yake, wakati simu imekwisha kulipa tofauti yake kwa kasi. Joto na fremu zisomwe pamoja, la sivyo namba moja itaficha nyingine.

Jioni ya tatu tulibana feni juu ya kava nene, na matokeo yakawa 41.3 na fremu 50, yaani sawasawa na simu tupu ya jioni ya kwanza. Jioni ya nne tulivua kava na kubana feni moja kwa moja mgongoni, na betri ikamaliza kwenye 38.6 huku fremu zikikaa kwenye 60 hadi mwisho. Jioni ya tano ndiyo iliyomuudhi kijana. Tuliacha feni ya kubana mezani, tukavua kava, na kuwasha feni ya mezani ya dada yangu, ile ya kawaida yenye wavu, kwa kasi ya kati kutoka umbali wa mita moja. Betri ilisoma 38.1, fremu 60. Feni ya mezani inapuliza mbele na nyuma ya simu pamoja na mikono ya mchezaji, wakati ile ndogo inapuliza sehemu tu ya mgongo. Hii ni simu moja katika sebule moja, na simu nyingine itatoa namba tofauti, lakini mpangilio wa nani anamshinda nani ulifuata hesabu ya kwenye jedwali kwa ukaribu wa kutosha kunifanya niuamini.

Je, basi feni ya kubana haina maana? La, ina maana kwa asiyekaa sehemu moja, kwa anayecheza kitandani au kwenye kiti ambako feni ya mezani haifiki, na kwa anayetangaza mubashara akiwa amesimama dukani. Masharti yake ni kwamba ikae juu ya mgongo mtupu au kava jembamba, na ikae mahali pa moto. Watu wengi huibana katikati kwa sababu ndipo mikono yake inaposhika vizuri, lakini katikati na chini mara nyingi ni makazi ya betri. Cheza dakika ishirini bila kitu, kisha pitisha kidole mgongoni taratibu kutoka juu kwenda chini: pale ambapo kidole kinataka kukimbia ndipo feni inapotakiwa, na kwa kawaida utapakuta pembeni au chini kidogo ya kamera. Hakikisha pia kwamba kucha za feni hazibonyezi kitufe cha sauti au cha kuzimia, kwa sababu nimewahi kuona mchezo ukikatika katikati ya penalti kwa sababu hiyo.

Kuna aina ya pili ya feni ambayo ni mnyama mwingine kabisa, na ambayo sokoni huchanganywa na hii ya kwanza kwa sababu kwa nje zinafanana. Hii ina sahani ndogo ya chuma inayogusa simu, na sahani hiyo hupata ubaridi kwa umeme, kwa kanuni aliyoigundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: mkondo wa umeme ukipita kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na mwingine hupata joto. Feni iliyo juu yake kazi yake ni kuuondoa moto wa upande wa pili, wala haiipulizi simu. Utaitambua kwa kuiwasha bila simu na kugusa sahani: ndani ya dakika moja huwa ya baridi kama kopo la soda lililotoka kwenye friji, na mara nyingi hudai wati 10 au zaidi kutoka kwenye chaja au pawabenki, wakati feni ya kawaida hutosheka na wati moja au mbili.

Aina hii inaweza kuishusha simu chini ya joto la chumba, jambo ambalo feni ya kawaida haiwezi kamwe. Hata hivyo ndiyo inayoadhibiwa vikali zaidi na kava. Eneo la sahani ni dogo, yapata sentimita nne kwa nne, na joto lote linalazimika kupita kwenye kidirisha hicho kidogo. Kwenye kioo cha mgongo kinachogusana na sahani vizuri, joto hupita kwa urahisi. Ukiweka milimita mbili za mpira na nafasi ya hewa katikati, kinachopita hupungua kwa mara nyingi, na ubaridi mwingi unaishia kupoza mpira. Pete ya kushikia ikiwepo ni mbaya zaidi, kwa sababu sahani hainyooki juu yake na inagusa kona tu. Mtu anayenunua feni ya sahani na kukataa kuvua kava nene amenunua taa za rangi.

Kisha kuna suala la Dar es Salaam lenyewe, nalo ni unyevu. Katika miezi ya joto, hewa ya pwani hii hubeba unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 au 25 hivi hutoka jasho. Ndiyo maana chupa ya soda inalowanisha meza kabla hujainywa. Sahani ya feni hizi hushuka chini ya hapo bila shida, hasa simu ikiwa haifanyi kazi nzito. Maji yanayojikusanya nje ya mgongo hufutika kwa kitambaa, lakini unyevu unaoweza kujikusanya upande wa ndani wa mgongo hauonekani na haufutiki. Kinga ya maji ya simu haisaidii hapa, kwa kuwa unyevu huo hauingii kama maji, tayari umo ndani ukiwa ni hewa.

Dalili za kuangalia ni ukungu chini ya kioo cha kamera, matone kwenye ukingo wa sahani, au onyo la unyevu kwenye tundu la kuchajia. Ukiona mojawapo, zima sahani na uache simu ipate joto la chumba yenyewe kabla ya kuichaji. Ili kuzuia hali hiyo, iwashe sahani baada ya simu kupata joto, si kabla, na uizime dakika tano kabla ya kumaliza mchezo ili mgongo usibaki wa baridi wakati prosesa imetulia. Baadhi ya feni hizi zina kiwango cha chini, na kwa mji huu kiwango cha chini kinatosha. Namba inayoonyeshwa kwenye kijiskrini chake, inayosema nyuzi 8 au 5, ni joto la sahani ikiwa haijabeba kitu, na mtu asiifurahie kupita kiasi.

Sahani hiyo ina hila nyingine ndogo. Ukiiweka juu ya betri, joto la betri unalosoma litashuka vizuri sana huku prosesa, iliyo sentimita tano juu yake, ikiendelea kuungua na kupunguza kasi. Ukiona betri ya nyuzi 34 na fremu 42, feni iko mahali pasipo pake. Katika simu nyingi za Android za toleo la 10 na kuendelea, amri `adb shell dumpsys thermalservice` itakuonyesha `Thermal Status`, ambapo 0 ni shwari, 1 ni kubanwa kidogo, 2 ni kubanwa kwa wastani, na 3 ni hali mbaya. Hiyo haidanganywi kirahisi kama joto la betri.

Kabla ya kutoa hela yoyote, hakikisha tatizo ni joto. Wapo wanaonunua feni kutibu mtandao. Mchezo ukikwama, angalia namba ya milisekunde kwenye kona: ikiwa imeruka kutoka 60 hadi 300, ni mtandao, na hakuna feni itakayokusaidia. Ikiwa milisekunde zimetulia lakini fremu zinashuka taratibu na skrini inafifia, na hayo huanza baada ya muda uleule kila siku, hilo ni joto.

Nayo chaja isisahaulike, kwa sababu kucheza huku unachaji ndani ya kava nene ni mchanganyiko mbaya kuliko yote niliyoyataja. Betri ya lithiamu inayochajiwa hutoa joto lake, na betri iliyojaa ikiwa katika nyuzi zaidi ya 40 huchakaa haraka. Feni ya kubana juu ya kava haitoshi kufidia chaja ya kasi. Kama simu yako ina njia ya kupeleka umeme moja kwa moja kwenye mchezo bila kupitia betri, itumie. Kwenye baadhi ya simu za Samsung iko ndani ya mipangilio ya `Game Booster` kwa jina la `Pause USB Power Delivery`, nayo huhitaji chaja inayofaa na betri isiyo chini ya asilimia 20. Kama haina, chaji kwanza, kisha cheza.

Kwa hiyo ningechagua hivi. Anayecheza nyumbani na umeme upo avue kava nene na aielekeze feni ya mezani kwenye mikono yake, asinunue kitu. Anayezungukazunguka, au ambaye mtaa wake hukatika umeme, achukue feni ya kawaida ya kubana pamoja na kava jembamba linaloshika, na aiendeshe kwa pawabenki yake badala ya kunyonya umeme wa simu hiyohiyo. Feni ya sahani ningempa yule tu mwenye simu ya mgongo wa kioo, anayecheza mashindano ambamo kushuka kutoka fremu 60 hadi 50 kunamgharimu, na aliye tayari kuvua kava kila mara. Pawabenki ya milliampea 10,000 itaiendesha kwa saa tatu hivi, kwa hiyo usiku wa giza isitegemewe zaidi ya hapo. Kuanzia Juni hadi Agosti, jioni zinapopoa, kava jembamba peke yake linatosha kwa simu nyingi, na feni zote mbili zinaweza kulala kabatini.

Kava nene silitupi. Mpwa wangu huivalisha simu yake mchana kutwa, kwenye mwendokasi na kwenye bodaboda, kwa sababu kioo kilichopasuka ni hasara kubwa kuliko fremu kumi. Jioni anapoketi hulivua na kuliweka chini ya mto. Ile feni yenye taa za rangi hubanwa pembeni ya kamera, kwenye mgongo mtupu, siku ambazo dada yangu amechukua feni ya mezani.